Ankara moja ya wakala, bidhaa tatu: kila mstari una kipimo chake

*Nina duka la vyombo Kariakoo. Nimeleta mzigo kutoka Yiwu kwa kontena la kuchangia: chupa za chai, makufuli na mabeseni ya plastiki, vyote kwa shilingi 34,000,000 hadi bandari ya Ningbo. Ankara ya wakala wa mizigo imekuja 8,923,400, mbali na ushuru wa forodha. Nikaona ni kama asilimia 26 ya bei ya mzigo, nikaongeza asilimia hiyo kwenye kila bidhaa. Sasa mabeseni yanauzika kama njugu lakini hela siioni, na makufuli jirani yangu anauza chini ya gharama yangu mimi. Nakosea wapi? Ankara na orodha ya ufungashaji nimeambatanisha.*

Makufuli yako yanalipia nafasi ambayo hayakuikalia. Kwa bei, makufuli ni 18,000,000 kati ya 34,000,000, yaani zaidi ya nusu ya mzigo. Ukigawa ankara kwa asilimia ya bei, zaidi ya nusu ya ankara inawaangukia wao. Lakini ndani ya kontena yalichukua mita za ujazo 2 tu kati ya 20. Zile 18 nyingine zilijaa chupa na mabeseni, na hivyo ndivyo vilivyokula nauli. Jirani yako huenda hanunui kwa bei nzuri kuliko wewe. Pengine anajua tu kufuli lake limegharimu kiasi gani.

Kwa hiyo ankara hii haigawanywi kwa mkupuo. Inafunguliwa mstari kwa mstari, na kila mstari unagawanywa kwa kile kilichousababisha. Na mara nyingi huhitaji kubuni kilichousababisha, kwa sababu ankara yenyewe inakwambia. Tazama safu ya idadi na safu ya bei ya kipimo. Mstari wa nauli ya bahari umeandikwa 20 mara dola 120. Hiyo 20 ni mita za ujazo, zile ambazo pale Kariakoo mnaziita sibiemu. Mstari wa hati ya kutolea mzigo umeandikwa 1 mara 150,000. Hiyo 1 ni jalada lako zima, haijali umeleta nini. Kilichozidishwa na bei ndicho kinachotakiwa kugawa gharama.

Nimeipanga upya ankara yako, kila mstari bila VAT, yote kwa shilingi. Nauli ya bahari dola 2,400, ambayo wakala ameibadilisha kwa 2,500, inakuwa 6,000,000. Bima ni 170,000. Kufungua kontena bohari na kutenganisha mzigo, mita 20 kwa 40,000, ni 800,000. Hati ya kutolea mzigo 150,000. Ada ya wakala 450,000. Lori kutoka bohari hadi stoo yako 400,000. Kupima sampuli za chupa 240,000. Uhifadhi wa siku ulizochelewa kutoa mzigo 330,000. Jumla ni 8,540,000, kisha VAT ya asilimia 18 kwenye huduma za ndani isipokuwa kupima sampuli, 383,400. Ukijumlisha unapata ile 8,923,400 yako.

Jumla hiyo ithibitishe kabla ya kwenda popote. Ankara za mawakala wengi zina jumla ndogo katikati ya ukurasa, na mtu anayenakili haraka huihesabu kama mstari mwingine. Wengine hutuma ankara ya awali, halafu ya mwisho, na mhasibu anaingiza zote mbili. Na kama wakala ndiye angekulipia ushuru, ungeuona humu humu kama malipo aliyofanya kwa niaba yako. Huo ungeutoa ukauweka kando, nami nitaurudia mbele.

Sasa kuna vitu viwili visivyotakiwa kuingia kwenye gharama ya bidhaa hata kidogo. Cha kwanza ni hiyo VAT. Kama biashara yako imesajiliwa na una risiti ya EFD ya wakala, 383,400 utaidai kwenye ritani yako ya mwezi, kwa hiyo si gharama, ni pesa unazoidai serikali. Kama hujasajiliwa, huna pa kuidai, na hapo inakuwa gharama halisi: irudishe kwenye mistari iliyotozwa VAT, kila mmoja uongezeke asilimia 18, kisha endelea. Hesabu ya hapa chini inachukulia kwamba umesajiliwa.

Cha pili ni uhifadhi, 330,000. Hapa ndipo wafanyabiashara wengi hubishana nami. Wanasema, si nimelipa ili nipate mzigo? Ndiyo, lakini umelipa kwa sababu nyaraka zilichelewa, si kwa sababu chupa ya chai inahitaji kulala bohari siku kadhaa ndipo iwe chupa. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu wa bidhaa za akiba, IAS 2, kinaacha gharama za uhifadhi nje ya gharama ya bidhaa, isipokuwa pale uhifadhi wenyewe ni hatua ya lazima ya uzalishaji. Hata bila kiwango hicho, fikiria biashara tu: ukiingiza faini ya kuchelewa kwenye bei ya beseni, mteja wako ndiye anayeadhibiwa kwa uzembe wa nyaraka, na safari ijayo hutaona kwamba uzembe huo una bei. Iandike kama hasara ya mwezi huu, ikae mahali inapokuuma.

Kinachobaki ni 8,210,000. Hicho ndicho cha kugawa.

Fungu kubwa ni la ujazo. Nauli ya bahari na kazi ya bohari zimezidishwa kwa mita za ujazo, hizo hazina mjadala. Lori limeandikwa safari 1, kwa hiyo ankara haisemi kitu, inabidi ujiulize lilijaa kwa nini. Mzigo wako wote ulikuwa na kilo 3,800. Kwa lori la kubeba mita 20, uzito huo si kitu. Kilicholijaza ni maboksi ya chupa. Ujazo tena. Jumla ya mistari hii mitatu ni 7,200,000, sawa na 360,000 kwa kila mita ya ujazo.

Hapa utasikia mtu akisema makufuli ni chuma, yana uzito, lazima yabebe zaidi. Kwa kontena la kuchangia, nauli hutozwa kwa kipimo kinachotoa namba kubwa kati ya mita za ujazo na tani, mita moja ikihesabiwa sawa na tani moja. Mzigo wako una mita 20 na tani 3.8, kwa hiyo ujazo umeshinda kwa mbali na uzito haukuingia kwenye bei. Kilo 1,800 za makufuli hazikuongeza hata senti kwenye nauli. Ingeweza kuwa vingine kama ungeleta makufuli na bawaba tupu. Ingekuwa vingine pia kwa ndege, ambako urefu, upana na kimo kwa sentimita huzidishwa na kugawanywa kwa 6,000 ili kupata kilo za ujazo, na chuma hushinda mapema. Usikariri kwamba nauli ni ujazo siku zote; angalia kipi kilishinda kwenye ankara iliyo mkononi.

Ujazo wa kila bidhaa unautoa kwenye orodha ya ufungashaji. Boksi la chupa ni sentimita 60 kwa 50 kwa 40, yaani 0.12 ya mita ya ujazo, na yako 100: mita 12. Mabeseni ni maboksi 40 ya 0.15: mita 6. Makufuli ni maboksi 50 ya 0.04: mita 2. Bahati yako zimefika 20 sawasawa na ankara. Kwa kawaida hazifiki. Kiwanda kinaandika mita 18.6, bohari la Ningbo linapima 20, na wewe unalipia 20. Hilo halikuzuii kugawa: uwiano chukua kwenye orodha ya kiwanda, pesa chukua kwenye ankara. Ila tofauti ikizidi kama sehemu moja ya kumi, chukua futi kamba upime boksi moja la kila bidhaa ukiwa stoo. Tofauti ya namna hiyo mara nyingi imejificha kwenye bidhaa moja ambayo kiwanda kiliibadilishia boksi, na uwiano wa zamani utawaonea wengine.

Fungu la thamani ni bima, kwa sababu bima imekokotolewa kwa bei ya mzigo: 170,000 kwa 34,000,000 ni nusu asilimia kwa kila bidhaa. Makufuli yanabeba 90,000 hapa, chupa 54,000, mabeseni 26,000. Kila mtu na haki yake.

Fungu la moja kwa moja ni kupima sampuli za chupa. Hizo 240,000 ni za chupa peke yake. Hakuna cha kugawa, na usikubali programu yoyote ya hesabu izitawanye kwa sababu tu ziko kwenye ankara hiyo hiyo.

Zinabaki hati ya kutolea mzigo na ada ya wakala, jumla 600,000, ambazo zimetozwa kwa jalada zima. Hizi hazina msingi ulio sahihi peke yake. Unaweza kuzigawa sawa kwa sawa, 200,000 kila bidhaa, au kwa thamani. Mimi nagawa kwa thamani, kwa sababu bidhaa ndogo iliyoongezwa kujaza kona ya kontena haistahili kubeba theluthi ya jalada. Lakini nimejaribu zote mbili kwenye mzigo wako: tofauti kwa beseni moja ni shilingi 54. Usipoteze usiku kwa hilo. Chagua njia moja na uishike kila safari, ili gharama ya mwezi huu ilinganishike na ya mwezi ujao.

Matokeo, kabla ya ushuru:

| Bidhaa | Idadi | Bei ya kununulia | Gharama ya ankara kwa kimoja | Jumla kwa kimoja | Kwa asilimia 26 ulikuwa na |
|---|---|---|---|---|---|
| Chupa | 1,200 | 9,000 | 4,004 | 13,004 | 11,362 |
| Kufuli | 6,000 | 3,000 | 188 | 3,188 | 3,787 |
| Beseni | 2,000 | 2,600 | 1,139 | 3,739 | 3,282 |

Beseni ulikuwa unaliona rahisi kwa zaidi ya shilingi 450 kuliko lilivyo. Kufuli ulikuwa unaliona ghali kwa karibu 600. Ndiyo maana wateja wanakimbilia mabeseni yako na kuyapita makufuli: bei zako zimewaelekeza huko. Lakini chupa ndiyo ingenitia wasiwasi zaidi, maana pengo lake ni zaidi ya 1,600 kwa kila moja na wewe hukuitaja kabisa.

Kwenye Excel kazi hii ni mstari mmoja. Weka bidhaa safu A, idadi B, jumla ya bei ya kununulia C, ujazo D, gharama ya moja kwa moja E. Kisanduku H1 kiwe na fungu la ujazo, 7,200,000, na H2 kiwe na fungu la thamani, yaani bima pamoja na zile 600,000, ambalo ni 770,000. Mgao wa bidhaa ya kwanza, kwenye F2, ni huu, kisha unauvuta chini:

```
=$H$1*D2/SUM($D$2:$D$4)+$H$2*C2/SUM($C$2:$C$4)+E2
```

Gharama ya kimoja na ukaguzi wa jumla ni hivi:

```
=(C2+F2)/B2
=ROUND(SUM(F2:F4)-8210000,2)
```

Fomula ya mwisho lazima itoe 0. Isipotoa, kuna mstari wa ankara ulioachwa au uliowekwa mara mbili. Na usikate desimali mapema. Mgao wa chupa ni 4,804,588. Ukiandika 4,004 kwa kila moja kisha ukazidisha na 1,200 unapata 4,804,800, tayari shilingi 212 zimezaliwa zenyewe. Tunza jumla ya kila bidhaa; gharama ya kimoja iwe ya kutazama na kupangia bei tu.

Kuna jambo la chupa ambalo ankara haiwezi kukwambia. Vioo vya ndani huvunjika njiani, na idadi ya kugawia ni ya zile ulizopokea nzima, si zile ulizolipia. Tuseme umefungua maboksi ukakuta 24 zimevunjika. Gharama yote ya chupa, kununua na kuleta, ni 15,604,588. Igawe kwa 1,176 na chupa moja inakuwa 13,269. Hivyo ndivyo ilivyo pale ambapo mvunjiko wa kiasi hicho ni wa kawaida kila safari. Ila kama boksi zima la juu liliangushwa bohari zikafa nyingi kuliko desturi, hizo zilizozidi usizibandike kwenye zilizopona. Ziandike hasara, na ukidai bima, fidia izibe hasara hiyo badala ya kupunguza bei ya zilizopona.

Ushuru wa forodha niliahidi kuurudia, nao ni mwepesi kuliko watu wanavyodhani: usiugawe. Viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki ni asilimia 0, 10, 25 na 35 kwa bidhaa nyingi, kutegemea bidhaa ni ipi, na tamko la forodha linaonyesha ushuru wa kila bidhaa kwenye mstari wake. Unachukua namba ya mstari wa mabeseni unaiweka kwenye mabeseni. Ukichukua jumla ya ushuru na kuigawa kwa thamani, utakuwa umewapa makufuli ushuru wa plastiki, kosa lile lile kwa jina jingine. VAT ya forodha nayo iache nje kama ile ya wakala, ikiwa umesajiliwa.

La mwisho ni wakati. Naona kwenye tarehe zako kwamba ankara ilifika ukiwa umeshauza mabeseni 700. Hapa wengi hupakia mgao wote, 2,277,765, kwenye mabeseni 1,300 yaliyobaki, na beseni linaruka kutoka kubeba 1,139 hadi 1,752. Si kweli, yale 700 nayo yalipanda meli. Asilimia 35 ya mgao, shilingi 797,218, inakwenda kwenye gharama ya mauzo ambayo tayari umeyafanya, na 1,480,547 inabaki kwenye stoo. Faida ya mwezi uliopita itapungua, na utakuwa umepata jibu la hela usizoziona.

Ili isijirudie, mzigo ujao usisubiri ankara. Siku unapopokea maboksi unaijua mita ya ujazo na unalijua jalada lako la mwisho lilivyokuwa. Weka makadirio ya 360,000 kwa mita, panga bei kwa hayo, kisha ankara ikija rekebisha tofauti tu. Kama wakala atakutoza dola kwa kiwango kingine siku ya kulipa kuliko kilichoandikwa siku ya ankara, tofauti hiyo ni faida au hasara ya fedha za kigeni. Mabeseni hayahusiki nayo.